"Mama kala chumvi nyingi": sentensi moja ya Uvinza ilivyogeuka ikifika Kiingereza

Nianze na sentensi yenyewe kwanza. Ni binti wa makamo huko Uvinza, anaulizwa nani anamsaidia mama yake na dawa za presha, anajibu hivi: "Mama mwenyewe kala chumvi nyingi, sa hivi vidonge vya presha anasahau, mara anameza mara hamezi, na mie nikiwa shamba nani wa kumkumbusha. Mboga yake namtolea pembeni kabla sijatia chumvi, zahanati walishasema."

Mtu yeyote aliyekulia kwenye Kiswahili anajua hapo kumesemwa nini. Mama ni mzee sana, kaishi miaka mingi, kumbukumbu imeanza kumtoka. Chumvi ya kwenye sentensi ya kwanza haina uhusiano na chumvi ya kwenye sentensi ya mwisho. Sasa kwenye ripoti ya Kiingereza nilipoikuta ilikuwa imeandikwa hivi:

```
My mother has always eaten too much salt, and she forgets her tablets.
```

Yani kwa Kiingereza huyo bibi kawa mtu wa chumvi tangu utoto, tena iliyopitiliza, na ndo sababu anaumwa. Halafu nukuu hiyo imewekwa juu kabisa ya ukurasa wa lishe kama mfano, herufi za kulala, ukiifungua ripoti unaanza nayo. Mradi wenyewe ulikuwa wa presha kwa wazee, siutaji, mi niliitwa mwishoni tu kupitia tafsiri kabla haijaenda kwa wafadhili, nikiwa Kigoma mjini na laptop na sauti za rekodi.

Kinachonifanya niandike kirefu ni kwamba hakuna mtu aliyefanya uzembe. Nimefuatilia hatua kwa hatua, na kila aliyegusa hiyo sentensi alifanya kitu ambacho ukimuuliza atakueleza na utamwelewa.

Kwanza mazingira yenyewe, maana yanachangia. Uvinza ni chumvi. Chemchemi za maji ya chumvi ziko pale karibu na mto Malagarasi, watu wamechemsha maji yale kutoa chumvi karne na karne kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914, na mpaka leo ukimtajia mtu wa Kigoma neno Uvinza, chumvi inakuja kichwani kabla ya kitu kingine. Halafu mradi ni wa presha, na presha na chumvi ni kama pacha, fomu ya maswali yenyewe ilikuwa na sehemu nzima ya chumvi, mnatumia kijiko cha chai kimoja kwa siku kwa mtu au zaidi, mnaongeza mezani au hapana. Kijiko kimoja cha chai ni kama gramu 5, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima abaki chini ya hapo kwa siku. Kwa hiyo mtafsiri anapokaa na maandishi ya namna hiyo, kila anapoona "chumvi" akili yake ishaandaliwa kuona chumvi ya chakula. Mahali pengine popote, tuseme mradi wa mikopo ya kina mama wa dagaa pale Kibirizi, sentensi "mama kala chumvi nyingi" ingemgonga machoni, angesema hapa pana kitu, chumvi imetokea wapi kwenye habari ya mkopo. Hapa haikumgonga kwa sababu ilikaa mahali pake vizuri mno.

Na hili ndo jambo la kulikamata. Nahau ikitafsiriwa neno kwa neno ikatoa kichekesho haifiki mbali, maana inajikamatisha yenyewe. Ukiandika kwa Kiingereza kwamba kijana ana mkono wa birika, msomaji wa Kiingereza anasimama, anauliza mkono wa birika ndo nini, unarekebisha, anaelewa kwamba ni mchoyo, yameisha. Mbaya ni ile ambayo maana yake ya juujuu nayo inakubalika pale ilipo. Ukiwa na mradi wa majiko banifu halafu mama mmoja akasema "mwanangu wa kwanza kashapata jiko", ole wako, kijana kaoa lakini kwenye ripoti atahesabiwa amegawiwa jiko. Hakuna msomaji wa Kiingereza atakayesimama hapo.

Sasa safari ya sentensi yetu.

Aliyeandika kutoka kwenye rekodi alifanya kazi safi, aliandika "amekula" badala ya "kala", sawa tu, ila tatizo ni kwamba maandishi yaliingizwa eksel na kila sentensi, na pengine kipande cha sentensi kwenye mkato, kikawekwa kwenye kisanduku chake. Kwa hiyo kisanduku kimoja kilikuwa na "Mama mwenyewe amekula chumvi nyingi" peke yake. Kisanduku cha chini yake "sasa hivi vidonge vya presha anasahau". Umeona kilichotokea? Kile kiungo, lile "sa hivi" linalosema kwa hiyo-basi, limekatwa kutoka kwenye sababu yake. Na swali lililoulizwa, lililokuwa la dawa na siyo la chakula, liko visanduku viwili juu kwenye kolamu nyingine kabisa ambayo mtafsiri alikuwa ameificha ili skrini imtoshe.

Mtafsiri, kijana mzuri tu, Kiingereza chake kimenyooka, akaandika:

```
My mother has eaten a lot of salt.
```

Neno kwa neno, hakuna lililopungua isipokuwa moja. Kalitupa "mwenyewe". Na mi nawaambia, neno dogo linapokosa pa kukaa kwenye tafsiri, hapo hapo simama. "Mama mwenyewe kala chumvi" ni namna ya kuanza utetezi, kama mtu anayesema "na ujue basi mama mwenyewe ndo hivyo tena, mtu mzima". Ukilisoma kama chumvi ya chakula "mwenyewe" inakosa kazi, na kwa kuwa ilikosa kazi akaiacha.

Baada ya hapo mradi ulikuwa na utaratibu wa ukaguzi ambao karatasi inauita wa uhakika: mtu wa pili, asiyeiona ile ya mwanzo, anachukua Kiingereza na kukirudisha Kiswahili, halafu mnalinganisha. Utaratibu huu uko kwenye tafiti nyingi za afya na una faida zake, unakamata namba zilizokosewa, unakamata sentensi zilizorukwa, unakamata "siyo" iliyopotea. Sasa mpe huyo mtu wa pili hiyo sentensi ya Kiingereza. Atarudisha nini? "Mama yangu amekula chumvi nyingi." Inalingana na ya mwanzo karibu herufi kwa herufi! Kwenye kolamu ya ukaguzi ikapigwa tiki ya kijani, na nadhani ilikuwa mojawapo ya sentensi zilizopata alama nzuri kuliko zote.

Nilikaa nikaitazama ile tiki muda mrefu. Ukirudisha tafsiri ya neno kwa neno, unapata nahau yako ileile imerudi nzima, kwa sababu maneno hayakupotea njiani, kilichopotea ni maana, na ukaguzi ule unalinganisha maneno. Kwenye nahau unafanya kazi kinyumenyume: tafsiri nzuri, ile inayosema mama ni mzee sana, ikirudi Kiswahili itarudi "mama yangu ni mzee sana", na mlinganishaji atasema mbona chumvi imepotea, ataiweka nyekundu. Yani aliyekosea anapata kijani, aliyepatia anapata nyekundu. Ukiona mahali pana nahau halafu tafsiri imerudi inafanana kabisa na ya mwanzo, hiyo ni sababu ya kuishuku.

Hatua ya tatu ni mhariri wa Kiingereza, mtu asiyejua Kiswahili hata salamu, kazi yake kulainisha lugha. Akakutana na hilo `has eaten a lot of salt`. Kwenye sikio la Mwingereza sentensi hiyo haijakaa sawa, inasikika kama mama kala chumvi nyingi sasa hivi, mkupuo mmoja, kama mtu aliyekunywa kitu kibaya anahitaji kupelekwa hospitali. Alihisi kuna kasoro, na alihisi kweli! Ndo mtu pekee kwenye mnyororo wote aliyehisi. Ila badala ya kuuliza alitengeneza, akaongeza `always` kuifanya tabia ya siku zote, na "nyingi" akaipandisha ikawa `too much`, iliyopitiliza. Kwa Kiswahili "nyingi" ya kwenye nahau hii ni sifa kabisa, mtu kala chumvi nyingi unamheshimu, kaona mengi. `Too much` ni lawama. Kwa hiyo mpaka hapo bibi kashahukumiwa.

Hatua ya nne, mtu wa kupanga majibu kwenye makundi anasoma Kiingereza tu, anaona chumvi, anabandika lebo ya "chumvi kwenye chakula", na kwa kuwa nukuu inasisimua anaipendekeza iwe ya mfano. Mwisho wa safari.

Sasa niliikamataje. Sikuikamata kwa ujanja wa lugha, nilikuwa nasoma Kiingereza peke yake bila kuangalia Kiswahili, na ndivyo ninavyoanzaga siku zote. Nasoma kama mtu wa nje, natia alama pale tu ambapo hoja inaruka. Kwenye toleo la mhariri hoja haikuruka sana kwa sababu alikuwa ameweka `and` katikati. Lakini nilikuwa na toleo la mtafsiri pembeni, na lile ukiunganisha visanduku viwili linasema mama kala chumvi nyingi, sasa hivi anasahau vidonge. Chumvi inasahaulisha vidonge? Tangu lini? Presha ya muda mrefu inaweza kuharibu kumbukumbu, daktari atakwambia hivyo, ila binti wa shambani hakuwa anatoa somo la udaktari. Hapo nikarudi kwenye Kiswahili, nikasoma mara moja, nikacheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka maana nikaangalia imewekwa ukurasa gani.

Kuna ile kusema ah ni nahau, badilisha, endelea. Sikuweza hivyo, kwa sababu "amekula chumvi nyingi" inaweza pia kuwa chumvi kweli. Mtu anaweza kusema "jana msibani baba kala chumvi nyingi, presha ikapanda", na hapo ni chumvi ya sahani. Inabidi uthibitishe ni ipi, na namna yangu ni hii.

Naanza na wakati wa kitenzi. Nahau hii imeganda kwenye -me-, yani amekula, kala, nimekula, tumekula. Ukiitoa hapo inafa. Sema "mama anakula chumvi nyingi", kila mtu ataelewa chumvi ya chakula. "Hula chumvi nyingi", chakula. "Atakula chumvi nyingi", chakula, labda kwa mtu anayemtakia mtoto maisha marefu kwa utani. Geuza iwe "chumvi nyingi imeliwa na mama", imekufa kabisa, hiyo ni habari ya jikoni. Sasa ona: mhariri alipoweka `has always eaten` alikuwa ameihamisha sentensi kutoka kwenye -me- iliyoganda kwenda kwenye maana ya "hula", pale pale nahau inapofia, bila yeye kujua kwamba Kiswahili kina mlango hapo.

Halafu najaribu kuchomeka neno la siku. "Leo mama kala chumvi nyingi", "kwenye chakula cha mchana mama kala chumvi nyingi", hapo inabidi iwe chumvi ya kweli. Kwenye rekodi hakuna leo wala jana wala chakula cha saa ngapi. Mtu anayezungumzia chumvi ya kweli kwa kawaida anakutajia imeingiaje, kwenye mboga, kwenye samaki, kaongeza mezani. Huyu binti hakutaja, na alipokuja kuitaja chumvi ya mboga mwishoni aliitaja kivingine kabisa, "kabla sijatia chumvi", kuna sufuria, kuna mkono, kuna kitendo.

Rekodi nayo niliisikiliza, siyo maandishi tu. Anasema "kala chumvi nyiiingi", anaivuta, kisha kuna kicheko kidogo cha upole. Mtu anayelalamikia mgonjwa wake kwa kuvunja masharti havuti hivyo. Ila hili ni la kusaidia tu, nisingeamua kitu kwa kicheko.

Mwisho nikampigia dada aliyefanya mahojiano. Na hapa niseme kitu kuhusu kuuliza, maana wengi wanaharibia hapa. Ukimwuliza "eti alimaanisha mama yake mzee?" atasema ndiyo kaka, si kwa sababu anakumbuka, ni kwa sababu umempa jibu. Ukimwuliza "anakula chumvi sana?" naye ataanza kujihoji kama alikosa kuandika kitu. Nilimwambia tu:

"Dada, yule bibi wa nyumba ya tatu, hebu nielezee hali yake kwa maneno yako, mi sijafika."

"Yule? Mtu mzima sana yule kaka. Hata wajukuu anawachanganya majina. Tulipofika alinisalimia mara tatu, kila mara kama ndo tunaonana."

"Na kula yake?"

"Kula hana shida, ila analalamika mboga chapwa, bintiye hamtilii chumvi kabisa, si unajua zahanati wamemkataza."

Mboga chapwa! Yani mtu tuliyemweka juu ya ukurasa wa lishe kama mfano wa kula chumvi kupitiliza, ndiye nyumba iliyokuwa inafuata masharti kuliko nyingi tulizozisoma. Na shida yake halisi, ile binti aliyoisema kwa uchungu, "nikiwa shamba nani wa kumkumbusha", haikuwa na lebo yoyote. Pale panatakiwa mtu wa kumpa vidonge kwa saa, au kisanduku cha siku saba, au jirani. Wangemletea somo la kupunguza chumvi mtu ambaye mboga yake haina chumvi.

Kurekebisha nako kuna maneno. Tulibishana kidogo na kijana mtafsiri, kwa heshima tu, alinipigia jioni.

"Broo, kwani siwezi kuacha maneno yake nikaongeza tu `as we say`? Ile ladha inapotea bwana."

Nikamwambia ladha naipenda hata mimi, na kwenye hadithi au simulizi ningemwachia. Ila hapa chumvi ni kitu kinachopimwa. Ripoti itapekuliwa kwa neno, mtu ataandika `salt` kwenye sehemu ya kutafuta na sentensi yetu itaibuka, ataihesabu, maelezo yako ya pembeni hatayasoma. Kwenye ripoti ya chumvi neno chumvi lisitokee pasipo na chumvi.

Akapendekeza `an old salt`, kwamba Waingereza nao wana chumvi yao ya uzee. Nilimpongeza kwa kukumbuka, lakini huyo kwa Kiingereza ni baharia mkongwe, mtu wa meli. Ungeweza kumwita hivyo mzee aliyezeekea kwenye meli ya ziwani, bibi mkulima wa Uvinza hapana, na hata hivyo neno lingebaki palepale kwenye kupekuliwa. Nahau kwa nahau ni raha pale zinapobeba mzigo uleule, hizi zinafanana sura tu.

Tukabaki na kuchagua jinsi ya kusema uzee. `Old` peke yake kavu, kwa Kiingereza ukimwita mama wa mtu `old` bila kulainisha inaweza kusikika vibaya, wakati binti alikuwa anamheshimu. Kusema kaona mengi maishani kungebeba heshima lakini kungeangusha ile hoja ya kusahau, maana nahau hii ina pande mbili: kuna kala chumvi nyingi kwa maana ya mjanja, huwezi kumdanganya, na kuna kala chumvi nyingi kwa maana ya umri umekwenda. Hapa ni ya pili wazi, kwa sababu kinachofuata ni kusahau, na mjanja hasahau. Tukaandika hivi:

```
My mother is very advanced in years now, so she forgets her tablets.
```

Ile `so` ndo niliyoipigania. Ni lile "sa hivi" la binti, kiungo kilichokatwa na eksel. Bila hiyo ungekuwa na habari mbili zimekaa jirani, ukiiweka unaona uzee ndo sababu ya kusahau. "Mwenyewe" nayo imepata pa kukaa kidogo kwenye `very` na `now`, si yote, ila sikuona namna bora.

Tukaongeza kwenye kolamu ya maelezo sentensi moja ya Kiswahili: hapa ni nahau, maana yake umri mkubwa, tafsiri ikirudi haitakuwa na neno chumvi na ni sahihi. Hii ni kwa ajili ya mlinganishaji ajaye asije akaipiga nyekundu akairudisha ilikotoka. Imewahi kunitokea, nimerekebisha, miezi miwili mbele nakuta mtu kairudisha "ilingane".

Baada ya hapo nikachuja eksel nzima kwa neno "chumvi", sababu nilijua haitakuwa moja. Nyingi zilikuwa chumvi ya kweli, sikuzigusa. Ila iliibuka nyingine iliyonitoa jasho kuliko ya kwanza. Baba mmoja anasema: "Yule wa duka la dawa naye alitia chumvi, eti ukikosa kidonge siku moja tu unakufa." Kwenye Kiingereza, kisanduku cha kwanza peke yake:

```
The one at the medicine shop put salt in it.
```

Kwenye nini? Msomaji wa nje atajaza mwenyewe: kwenye dawa. Yani kutoka kwa mtu anayesema muuza dawa alikuza mambo, tumefika kwenye tuhuma kwamba duka la dawa linachanganya chumvi kwenye vidonge vya presha, na ripoti inakwenda kwa watu wenye uwezo wa kuagiza ukaguzi wa duka. Hii `it` mtafsiri aliiongeza kwa sababu kitenzi cha Kiingereza kinadai kitu cha kutiliwa chumvi. Kiswahili hakikusema ametia kwenye nini, na ukosefu huo ndo alama yenyewe ya nahau: chumvi ya kweli inatiwa kwenye kitu, mboga, uji, jeraha. Chumvi ya maneno inatiwa tu. Kila mtafsiri anapolazimika kubuni neno ambalo msemaji hakulisema ili sentensi isimame, ajiulize kwanza kama ile sentensi inasema anachodhani inasema.

Hii ilikuwa rahisi kuthibitisha, lile "eti" la kipande cha pili linamaliza kila kitu, mtu anasema eti kwa jambo analolitilia shaka. Tukaandika alikuza, `exaggerated`, basi. Kijana alitaka kuweka ile ya Waingereza ya kupokea habari na chembe ya chumvi, nikamwonyesha kwamba hiyo ni ya msikilizaji, anayepokea habari kwa tahadhari, wakati kutia chumvi ni kwa msemaji, anayezikuza. Ukiziweka moja mahali pa nyingine umehamisha kosa kutoka kwa muuza dawa ukampa baba wa watu.

Sentensi ya bibi ikahamishwa kutoka lebo ya chakula kwenda lebo mpya ya kusahau dawa, ukurasa wa lishe ukapata nukuu nyingine ya mtu anayeongeza chumvi mezani kweli.

Imebaki moja ambayo sikuimaliza. Mzee mmoja aliyefanya kazi kwenye chumvi miaka mingi, anaulizwa kuhusu maisha yake kabla ya presha, anajibu "Ah mie chumvi nimekula sana", kisha kwenye rekodi wanapita kuku wanapiga kelele na anahamia habari ya mgongo. Inaweza kuwa umri, lakini kaigeuza, chumvi kaitanguliza mbele, na nahau hii haipendi kugeuzwa hivyo. Inaweza kuwa chumvi ya chakula, ila hakuulizwa chakula. Na kuna ya tatu ambayo mtu asiye wa huku hataiwaza: kula kwa maana ya kufaidi, kula hela, yani chumvi ndo iliyomlisha na kumsomeshea watoto. Dada wa mahojiano hakumbuki, kwa simu hawezi kumpata. Nimeiacha kwenye Kiswahili chake, pembeni nimeandika maana zote tatu, lebo ya chakula nimeitoa, na nimeomba atakayepita nyumba ile tena amwombe mzee aeleze upya kazi yake ya chumvi, bila kumtajia neno kula.